Sentensi saba za mfadhili: kisa cha ufunguzi wa maktaba ya shule

Siku nane kabla ya ufunguzi wa maktaba, mwalimu mkuu alinikabidhi karatasi iliyochapwa vizuri, yenye nembo ya kampuni juu upande wa kushoto. Mimi ndiye niliyepewa ushereheshaji. "Hii ndiyo utakayoisoma ukimkaribisha mfadhili," akaniambia. "Wameituma wenyewe ili kukupunguzia kazi." Niliisoma palepale mlangoni. Ilikuwa na sentensi saba. Jina la kampuni lilitajwa mara tano, neno maktaba mara moja, na neno kitabu halikuwamo kabisa.

Nimeongoza hafla nyingi za shule, lakini kisa hiki ndicho kilichonifundisha zaidi kuhusu kumtambulisha mtu aliyetoa mali yake bila kuugeuza utambulisho huo kuwa tangazo la biashara. Nitakieleza kama kilivyokwenda, pamoja na mahali nilipokosea mimi mwenyewe.

Mfadhili alikuwa kampuni inayotengeneza vinywaji baridi vyenye sukari. Jina lake sitalitaja, ila aina ya biashara naitaja kwa sababu ilibadilisha uzito wa mambo. Zawadi yenyewe ilikuwa ya kweli na kubwa: vitabu 1,200, rafu 14 za mbao na meza 6. Chumba kilikuwa cha shule. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Wazazi walibadilisha paa na kumwaga sakafu mpya, fundi akafungua madirisha mawili upande usiopigwa na jua la mchana, na watu waliosoma hapo miaka ya nyuma wakakusanya vitabu 310. Mwalimu wa maktaba aliandikisha kila kitabu kwa mkono, kimoja kimoja, kwa muda wa miezi mitatu.

Kabla ya kugusa hata neno moja la ile karatasi, niliomba kuona barua ya makubaliano. Hii ndiyo hatua ambayo washereheshaji wengi huiruka, na ndiyo inayoamua yote yanayofuata. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa jukwaani. Mfadhili ni mtu wa fadhila: ametoa, na anachostahili ni shukrani. Mdhamini, katika matumizi ya siku hizi, hutoa fedha ili jina lake lionekane, kama tunavyoona kwenye mashindano ya mpira. Yeye ana mkataba, na anachostahili kimeandikwa ndani yake. Ukimwita mdhamini mfadhili, unawaficha wasikilizaji kwamba kulikuwa na biashara. Ukimwita mfadhili mdhamini, unampa haki ya kudai kitu ambacho hakukinunua.

Barua tuliyoipata ilisema kampuni inatoa vitabu na samani "kama msaada kwa wanafunzi". Haikuwa na sharti la mabango, wala idadi ya kutajwa kwa jina, wala haki ya kuuza au kugawa bidhaa shuleni. Kwa hiyo tulikuwa na mfadhili mkononi, na ile karatasi ya sentensi saba ilikuwa inamsemea mdhamini. Ofisi ya masoko ilikuwa imeomba kwa karatasi jambo ambalo kampuni haikuliomba kwa barua.

Kusoma sentensi moja moja

Niliketi na mwalimu wa maktaba tukaipitia. Kipimo tulichotumia ni rahisi: ukiifuta sentensi hii, nani ataikosa? Kama ataikosa mwanafunzi au mzazi anayetaka kujua maktaba imepatikanaje, sentensi ni ya maktaba. Kama ataikosa mnunuzi peke yake, sentensi ni ya duka.

Ya kwanza ilisema ni fahari kubwa kumkaribisha mwakilishi wa "kampuni inayoongoza katika soko la vinywaji". Inaongoza kwa nini, na nani amepima? Mshereheshaji hawezi kujibu, na anayesema asichoweza kukijibu amekopesha sauti yake. Hata kama ni kweli, mwanafunzi haimwongezei chochote kuhusu chumba alichomo. Tukaifuta.

Ya pili ilidai kwamba bidhaa za kampuni ni chaguo la familia "zinazojali ladha na afya". Hapa nilisimama kwa muda. Mimi ni mwalimu, na watoto wale wananisikia darasani nikiwaambia kipi ni kweli na kipi si kweli. Ninaposema mbele yao kwamba kinywaji chenye sukari nyingi ni cha watu wanaojali afya, hawalisikii kama tangazo la redio, wanalisikia kama somo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2010 kuhusu uuzaji wa vyakula na vinywaji kwa watoto, na mojawapo linataka mahali wanapokusanyika watoto, shule zikiwamo, pasiwe na matangazo ya aina yoyote ya bidhaa zenye sukari, mafuta mabaya au chumvi kwa wingi. Mwanafunzi aliyepangwa mstari kwenye hafla ya shule hana rimoti. Hawezi kuondoka wala kubadilisha kituo. Sentensi ya pili haikuwa ya kurekebishwa, ilikuwa ya kuondolewa.

Ya tatu ilieleza kwamba sasa kuna chupa ndogo, rahisi kubebwa na mwanafunzi. Hiyo haihitaji uchambuzi.

Ya nne ndiyo iliyotusumbua: "Kampuni inaamini kwamba mtoto mwenye nguvu ni mtoto anayesoma." Mwalimu wa maktaba aliipenda. "Hii iache," akasema, "inahusu kusoma." Ni kweli inataja kusoma, haitaji bidhaa, na inavutia sikio. Nikamwuliza: nguvu na kusoma vimeunganishwa na nini hapa? Aliitazama upya. Kati ya nguvu na kusoma pana daraja moja tu, nalo ni chupa. Msikilizaji analijaza mwenyewe bila kuambiwa, hasa akiwa ameziona picha za tangazo zenye maneno kama hayo hayo. Matangazo yenye madhara zaidi kwenye hafla za shule huja kwa sura hii. Hayasemi "nunua". Yanavaa sare ya shule na kuketi mstari wa mbele. Namna ya kuyatambua ni kuiweka ile sentensi mdomoni mwa mtu asiye na bidhaa. Je, fundi aliyefungua madirisha angeweza kuisema kwa maana ile ile? Hapana. Basi si sentensi ya elimu.

Ya tano ilikuwa fupi na ndiyo pekee iliyotaja maktaba: "Ndiyo maana leo imeijengea shule hii maktaba ya kisasa." Haikutangaza kitu, ila haikuwa kweli. Nadhani aliyeiandika hakudhamiria kudanganya. Alikaa ofisini, akaona neno maktaba kwenye ripoti, akaandika neno jenga. Lakini kwa mtu aliyebeba zege begani, neno hilo linamnyang'anya kazi yake. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alifadhili majengo ya maktaba 2,509 kati ya mwaka 1883 na 1929, na watu wengi huzungumza kana kwamba aliyafanya yote peke yake. Kumbe sharti lake la kawaida lilikuwa kwamba mji utoe kiwanja, na kisha utenge kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa ili maktaba iendeshwe. Yeye alitoa mara moja, watu wa mji wakawa wanatoa kila mwaka. Utambulisho wa haki huonyesha pande zote mbili, na haumpunguzii tajiri hata chembe.

Ya sita iliwataka wanafunzi waseme kwa pamoja, na ya saba ilikuwa kaulimbiu ya kampuni ambayo wangeitamka. Kuwafanya watoto 400 kuwa sauti ya tangazo, mbele ya kamera, bila wao wala wazazi wao kuulizwa, ni jambo ambalo mwalimu hana mamlaka nalo. Hata kama mwalimu mkuu angekubali, idhini hiyo si yake kuitoa.

Kwa hiyo katika sentensi saba hatukubakiwa na hata moja.

Simu kwa ofisa masoko

Kosa rahisi hapa lingekuwa kunyamaza, kisha kusoma maandishi yangu siku ya hafla na kumwacha mgeni ashangae jukwaani. Hilo ni kumvizia mtu aliyekuletea zawadi. Nilimpigia ofisa masoko siku ile ile, zikiwa zimebaki siku nane, muda wa kutosha kwake kupeleka jambo kwa wakubwa wake na kurudi.

Alikuwa mtu mwema, na hofu yake ilikuwa ya kazi. "Mwalimu," akaniambia, "nikirudi ofisini nitaulizwa jina limetajwa mara ngapi. Nikisema mara moja, nitaonekana sikufanya kitu."

Sikumjibu kwa maneno ya maadili. Nilimwuliza kama anajua nani aliweka paa la chumba kile. Hakujua. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba wazazi waliopanda juu ya paa lile wamepangiwa viti vya mstari wa pili, hatua chache kutoka kwa bosi wake. "Sasa dada, fikiria nimesimama nasema kampuni imejenga maktaba hii. Nini kitasikika kutoka mstari wa pili?" Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Minong'ono."

Kuanzia hapo tulizungumza kama watu wawili wenye shida moja. Alichokihitaji hasa kilikuwa ushahidi wa kupeleka kwa wakubwa wake, na shule ingeweza kumpa ushahidi bora kuliko idadi ya kutajwa kwa jina. Tulikubaliana apate barua rasmi ya shukrani yenye orodha kamili ya vilivyopokelewa, nakala ya kurasa za daftari la kupokelea vitabu, na picha ya mwakilishi akiwa mbele ya rafu pamoja na mwalimu wa maktaba. Jina la kampuni lingeandikwa kwenye bamba dogo kando ya mlango na kwenye kibandiko ndani ya jalada la kila kitabu walichotoa. Sisi tukamwomba mambo matatu: bango la kampuni lisiingie ndani ya chumba, vinywaji visigawiwe kwa wanafunzi, na kaulimbiu isitamkwe. Bango lilikuwa gumu kwake, na mwishowe tulikubali liwekwe nje ya lango, siku hiyo tu. Nilikubali nikijua kwamba nimeachia kitu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kampuni ilikuwa imetoa kilichokosekana, na haikuwa haki kumfanya mwakilishi wake aone tunamwonea haya.

Nilimwuliza pia maswali matatu ambayo sasa humwuliza kila mfadhili. Ni nani kwenu aliyeishughulikia zawadi hii kwa mikono yake? Kwa nini mliamua kutoa vitabu badala ya kitu kingine? Na kuna jambo gani lililokuwa gumu njiani? Majibu ya maswali haya ndiyo nyama ya utambulisho. Nikagundua kwamba mwakilishi anayekuja ndiye aliyepokea barua ya mwalimu wa maktaba tangu mwanzo, kwamba aliomba orodha ya vitabu vinavyohitajika badala ya kununua vilivyopo tu, na kwamba shehena ya kwanza ilikuja na vitabu vya kiwango cha juu mno kwa madarasa ya chini, naye akavirudisha na kusubiri vingine. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo kwenye ile karatasi. Mwenye jambo la kusifiwa alikuwapo, na tangazo lilikuwa limemfunika.

Maneno yaliyosomwa

Niliandika utambulisho mpya, nikampelekea ofisa masoko ausome kabla, kwa sharti moja: anaweza kusahihisha ukweli wowote, ila asiongeze sifa. Alirekebisha idadi moja. Niliupima kwa kuusoma kwa sauti, ukachukua dakika moja na robo hivi kwa mwendo wa utulivu. Utambulisho ukivuka dakika mbili, huwa tayari umeanza kufanya kazi nyingine. Huu hapa:

"Wazazi, walimu, wageni wetu na wanafunzi. Chumba hiki wengi wenu mlikijua kama stoo. Wazazi walibadilisha paa na sakafu, fundi wetu akatuletea mwanga kwa madirisha mawili, na waliosoma hapa zamani wakaleta vitabu 310. Tulibaki na upungufu mmoja mkubwa: watoto wa madarasa ya chini hawakuwa na kitabu cha kusoma, na hatukuwa na mahali pa kuviweka vitabu. Mwalimu wetu wa maktaba akaandika barua kwa kampuni ya" (hapa nikalitaja jina, mara moja). "Aliyeipokea barua ile aliuliza kwanza: watoto wenu wanahitaji vitabu gani? Alipelekewa orodha, akaifuata. Shehena ya kwanza ilipokuja na vitabu vigumu kwa wadogo, akavirudisha, akasubiri vingine. Leo tuna vitabu 1,200 kutoka kwao, 700 kati yake ni hadithi fupi za wanaoanza kusoma. Tuna pia rafu 14 na meza 6. Vyote vimeandikwa kwenye daftari letu na ni mali ya shule. Aliyeifanya kazi hiyo yuko hapa. Tunamshukuru yeye na kampuni yake. Karibu, utusimulie vitabu hivi vilivyosafiri hadi kufika kwenye rafu."

Mambo machache ndani ya maneno hayo yaliwekwa kwa makusudi. Utambulisho unaanza na chumba, kisha watu wa chumba, kisha upungufu, na hapo ndipo mfadhili anaingia. Anaingia mahali palipokuwa wazi panamsubiri, na kwa hiyo zawadi yake inaeleweka ukubwa wake bila kivumishi chochote. Ukianza na mfadhili, wengine wote wanageuka viambatisho. Jina la kampuni limetajwa mara moja, mahali ambapo hadithi inalihitaji. Nambari nazo ni chache na zinahusu vitu vinavyoonekana chumbani, mtu akigeuza shingo anaziona rafu. Idadi ya matawi ya kampuni, miaka ya kuanzishwa na tuzo zake haionekani kutoka kwenye kiti chochote mle ndani.

Kauli kwamba vyote ni mali ya shule ilipingwa kidogo na mwalimu mkuu, aliyeona inakauka katikati ya shukrani. Niliomba ibaki. Wafadhili wengine husahau, kwa nia njema, kwamba wakishatoa wametoa. Kuitamka mbele ya mashahidi kunamsaidia mwalimu wa maktaba miaka miwili baadaye, pale mtu atakapokuja kuomba rafu zihamishwe kwa ajili ya kupiga picha.

Ila sentensi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni ya mwisho. "Karibu uzungumze" humwachia mgeni uwanja mtupu, na mtu wa kampuni akiachiwa uwanja mtupu atazungumzia kampuni, kwa sababu ndicho anachokijua kwa moyo. "Utusimulie vitabu hivi vilivyosafiri" kunampa mada. Anapanda jukwaani tayari anajua aanzie wapi, na wasikilizaji wanaisubiri hadithi hiyo. Kama kuna jambo moja tu ningemwambia mshereheshaji mwenzangu usiku wa kuamkia hafla, ni kuutumia muda wake kwenye sentensi hiyo.

Siku yenyewe

Mwakilishi alianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisimulia makasha yaliyorudishwa, akasema aliyefungua kasha la kwanza ghalani aliketi chini akasoma hadithi nzima akasahau kuhesabu. Watoto walicheka. Wazazi walimpenda. Kwa dakika nne hivi alikuwa mtu mwenye vitabu.

Kisha, pengine kwa sababu ya ule ukarimu wa makofi, mazoea yakamrudia. Akapaza sauti: "Sasa wanafunzi, nikisema..." na ile kaulimbiu ikatoka. Watoto waliijua, wameisikia mara nyingi. Wakaimalizia kwa kishindo.

Nilikuwa na nafasi mbili za kukosea. Moja ni kumkatiza, jambo ambalo lingemvunjia heshima mgeni na kulifanya tangazo kuwa ndilo tukio la siku. Nyingine ni kuchangamkia na kuwataka waseme tena, kama washereheshaji tulivyozoea ili hafla isipoe. Alirudia mara moja, akamaliza, akashuka. Nilipochukua kipaza sauti sikuitaja kaulimbiu wala kinywaji. Nilisema: "Tumesikia kuna mtu aliketi ghalani akasoma akasahau kuhesabu. Wanafunzi, nani ataniambia rafu ya hadithi fupi iko upande gani?" Mikono ikanyooka yote kuelekea dirisha la kulia, kwa kelele ile ile waliyokuwa nayo. Usijaribu kuizima sauti ya watoto ikishaamka, wape kitu kingine cha kusema. Na kitu hicho kitoke ndani ya hotuba ya mgeni mwenyewe, ili aondoke akijua kwamba alisikilizwa.

Hapo nilifanya vyema. Dakika moja baadaye nikakosea. Nikiwa na furaha kwamba mambo yamepita salama, niliongeza neno ambalo sikuliandika: "Kwa kweli, bila wao tusingekuwa na maktaba leo." Lilitoka kwa urahisi, kama maneno hayo yatokavyo kwenye kila hafla. Sikuona tatizo hadi mwenyekiti wa kamati ya wazazi aliponisogelea wakati kwaya inaimba. Hakukasirika. Alinong'ona tu, "Mwalimu, na lile paa?"

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeifuta sentensi ya tano ya kampuni kwa kalamu, kisha nikairudisha kwa mdomo wangu. Sifa inayopitiliza huja mara nyingi kwa njia hii. Mfadhili hakuiomba, ni mshereheshaji mwenye moyo wa shukrani na hofu ya ukimya. Kauli ya "bila yeye" ni nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu inawafuta wote waliobaki. Badala yake mtu anaweza kusema jambo lililo kweli: bila rafu hizi, vitabu vingebaki kwenye maboksi.

Nilikuwa bado na neno la shukrani la kufungia hafla, nikalitumia kusahihisha. Nilisema waziwazi: "Muda mfupi uliopita nilisema bila kampuni tusingekuwa na maktaba. Sikusema sawasawa. Bila paa tusingekuwa na chumba, bila barua ya mwalimu wetu tusingepata jibu, na bila kampuni tusingekuwa na rafu hizi." Nilimtazama mwakilishi nikisema hivyo, naye alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Sikuona dalili kwamba amepungukiwa na kitu.

Yapo mazingira ambayo njia hii haitoshi. Ikiwa barua ya makubaliano ni ya udhamini kweli, na shule imeshakubali jina lionekane mara kadhaa, mshereheshaji hawezi kuirekebisha kwa maneno ya dakika moja. Atimize kilichosainiwa na aseme wazi kwamba ni udhamini, na mjadala wa kama shule ilipaswa kusaini urudi kwenye kamati. Ikiwa mfadhili ni mchapishaji aliyetoa vitabu vyake mwenyewe, bidhaa haikwepeki kwa sababu ndiyo zawadi, basi itajwe kwa matumizi yake, kwamba ni kamusi 40 za darasa la sita, na si kwa ubora wake. Kizuri chajiuza. Na mfadhili akiwa mtu anayetafuta kura, kipimo ni kile kile, ila ukali wake uongezwe: cheo anachokitafuta hakisemwi kabisa.

Wiki iliyofuata tuliweka bamba kando ya mlango, kwenye kimo ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kulisoma. Lina mistari mitatu. Wa kwanza unasema chumba kilitengenezwa na wazazi wa shule. Wa pili unasema vitabu 1,200, rafu na meza vilitolewa na kampuni, kwa jina lake, bila nembo. Wa tatu unawataja waliosoma hapo zamani na vitabu vyao 310. Ofisa masoko alikuja kulipiga picha. Aliisoma mistari yote, akauliza kama herufi zinaweza kufanana ukubwa katika mistari yote mitatu, maana fundi alikuwa ameuchonga mstari wa kampuni kwa herufi kubwa kidogo. Tulimwita fundi akaurudia.